Wakuu nisaidieni kuandika barua kwa menejimenti ya jengo: sauti za usiku kutoka juu, sitaki kumtuhumu mtu

Mdau wa Upanga
Habari za muda huu wakuu. Nakaa Upanga, fleti ya kupanga, ghorofa ya nne, jengo lina ghorofa saba. Kuna sauti za usiku zinatokea upande wa juu yangu karibu kila siku na ziko za aina mbili. Ya kwanza ni mvumo, unaanza ghafla, unadumu kama dakika moja, unakata, halafu baada ya muda unarudi. Ya pili ni kama kitu kizito kinaburutwa kwenye vigae, kishindo, kimya, kishindo tena. Chumba cha kulala ndo balaa, sebuleni kuna nafuu. Watu wa juu tunasalimiana vizuri tu kwenye ngazi, sina ugomvi nao na sitaki uanze. Nimeandika hivi:

"Nalalamika kuhusu jirani wa 5B ambaye kila usiku anapiga kelele na kuburuta vitu bila kujali wenzake, watoto wangu hawalali. Naomba achukuliwe hatua kali."

Naona imekaa kishari. Nyie mngeiandikaje?

Bwana Ngazi
Nunua spika kubwa mkuu, ielekeze darini. Barua za nini.

Sharubu
Jengo limejengwa juu ya makaburi hilo. Nipo siti ya mbele.

Msimamizi Mstaafu
Mdau, nimesimamia majengo ya kupangisha miaka mingi, na barua kama hiyo nilikuwa naipokea, naigonga muhuri, inaingia kwenye faili basi. Si kwa ubaya. "Kila usiku" siwezi kuifanyia kazi, maana nikimpigia huyo wa juu atasema "jana nilikuwa Morogoro", mimi nitajibu nini? Nilichokuwa nahitaji ni tarehe, saa ilipoanza, ilidumu muda gani, ulikuwa chumba gani, na sauti yenyewe ikoje. "Kelele" haina maana kwangu, ila "mvumo wa dakika moja unaojirudia" una maana, nitajua nitume fundi au nitume barua.

Halafu jambo ambalo watu hawalijui, barua yako jirani ataisoma. Kama si leo basi siku mkikaa kikao, atataka aione. Kwa hiyo iandike ukijua ataisoma.

Mama Sare
Naunga mkono Msimamizi kwa asilimia zote, na naongea kama mtu wa ghorofa ya juu. Mimi nashona sare za shule, msimu wa Januari nakesha. Menejimenti ikaniletea karatasi "unalalamikiwa kwa kelele", haina tarehe haina saa. Nikaweka zulia na kipande cha mpira chini ya cherehani. Malalamiko yakaja tena, na wiki hiyo nilikuwa Tanga kwenye msiba! Wangeniandikia saa ningejua ni mimi au si mimi. Mpaka leo yule wa chini hanisalimii.

Mdau wa Upanga
@Msimamizi Mstaafu asante, hapo nimepata kitu. @Mama Sare pole, ndo nachokiogopa hicho.

Wa Kilimani
Huku Nairobi mambo ni rahisi, unaenda kwa keateka, asipofanya kitu unaenda mamlaka ya mazingira, NEMA, usiku kwenye makazi ni desibeli 35 tu, ikizidi jirani anapigwa faini. Pima na simu, weka kwenye barua, kwisha.

Kijana wa Vipimo
@Wa Kilimani hiyo 35 ni ya kanuni zenu za Kenya za 2009, huku kwetu tuna NEMC na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015. Usimchanganyie mwenzio sheria za nchi mbili kwenye barua moja, meneja akigundua umekosea hapo hata yale ya kweli atayatilia shaka.

Na kuhusu simu, tahadhari. Maiki ya simu imetengenezwa kunasa sauti ya mtu anaongea, mivumo mizito ya chini inaichuja. Unaweza kuona namba ndogo kabisa kwenye kioo na huku kitanda kinatetemeka. Ukiipeleka hiyo namba umejifunga mwenyewe, watakwambia "mbona kimya". Rekodi sauti sawa, ili fundi asikie mdundo na mpishano wake, ila usiandike desibeli za simu kama ushahidi.

Wa Kilimani
Sawa nimekupata, lakini huku nimeona watu wakipeleka hizo namba na wanasikizwa.

Kijana wa Vipimo
Wanasikilizwa sababu ni baa yenye spika nje boss, ile hata bila simu inajulikana.

Mzee wa Tabata
Afadhali mmetaja baa. Hapa kwetu kuna moja inapiga muziki mpaka saa kumi alfajiri, tumeenda serikali ya mtaa, tumeenda polisi, mwenye baa anapunguza siku mbili anarudia. Mnanishauri nini?

Bwana Ngazi
Mzee uzi ni wa jirani wa juu, baa yako fungua uzi wake tutakuja.

Fundi Presha
Wakuu mnaandika barua kabla hamjajua kinacholia ni nini. @Mdau wa Upanga, huo mvumo unajirudia baada ya muda gani? Ukiwa unalingana lingana, hiyo ni pampu. Nieleze kidogo. Majengo mengi ya Dar maji yanapandishwa kwenye matangi ya paani halafu yanashuka yenyewe. Sasa maji yakishuka mita kumi ndo unapata presha ya kama bar moja, kwa hiyo huyo wa ghorofa ya tano kwenye jengo la saba yuko karibu na tangi, bafuni kwake maji yanachuruzika tu. Watu wa juu wanafunga vipampu vyao vidogo vya presha, ndani ya nyumba au kwenye balkoni. Kipampu kinajiwasha presha ikishuka, kinajizima ikijaa.

Sasa mpira wa kwenye tangi la choo ukichoka, maji yanapita polepole kwenda kwenye sinki hata hujui. Presha inashuka, pampu inawaka dakika moja, inazima. Usiku kucha. Mwenye nyumba kalala fofofo, hajagusa bomba. Na kama imefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye zege bila mpira, mtetemo unaingia kwenye zege na mabomba, wewe wa chini unausikia kuliko yeye mwenyewe.

Kipimo chake hakina gharama. Unatia rangi ya keki kidogo kwenye tangi la choo, hakuna ku-flashi, baada ya nusu saa unaangalia kwenye sinki. Ukiona rangi imeshuka, mpira umekwisha.

Sharubu
Kwa hiyo mdau aende ghorofa ya tano saa saba usiku na rangi ya keki mkononi. "Samahani jirani naomba choo."

Fundi Presha
😂 Ndo maana nasema aombe menejimenti itume fundi.

Mdau wa Upanga
Nimeanza kuandika daftari kama Msimamizi alivyoshauri. Nawawekea baadhi:

Jumatatu. Mvumo saa 5:50 usiku, kama dakika moja. Ukarudi 6:10, 6:31, 6:50. Nilipitiwa na usingizi baada ya hapo. Chumba cha kulala, madirisha yamefungwa.

Jumatano. Kuburuta saa 7:15 usiku, vishindo vinne, mwisho 7:25. Mke wangu naye kasikia.

Ijumaa. Umeme ulikatika saa 6:05 ukarudi 7:30. Muda wote huo mvumo haukusikika. Kuburuta kulisikika saa 7:10, umeme haupo.

Fundi Presha
Dakika ishirini, ishirini, ishirini! Na umeme ukikatika kimya. Kesi imeisha, pampu hiyo.

Baridi Baridi
Haijaisha fundi. Hata friza inajirudia hivyo hivyo na umeme ukikatika inanyamaza. Kina mama wengi majumbani wanauza barafu na juisi, friza kubwa iko juu ya vigae, mgongo umegusa ukuta, kompresa ikiwaka ukuta mzima unalia.

Fundi Presha
Friza haiwaki dakika moja ikazima, inachukua dakika kumi na zaidi mpaka ipate baridi.

Baridi Baridi
Nzima ndiyo. Mbovu je? Kompresa ikishindwa kuanza inavuma kidogo, kile kidude cha kinga kinapata moto kinakata, inapoa, inajaribu tena. Mimi nazitengeneza kila siku hizo. Ukisikia "tki" mwisho wa mvumo ni friza, usiposikia tuongelee pampu.

Fundi Presha
Huo mvumo wa kushindwa kuanza ni wa sekunde chache bwana, si dakika. Na itachukua dakika ishirini kupoa?

Baridi Baridi
Dar hii na joto hili, ndani ya jiko lisilo na dirisha, usishangae.

Mdau wa Upanga
Kwa kweli "tki" sijaisikia, ila nipo chini ya zege, sijui kama ingenifikia.

Ghorofa Sita
Na mnajuaje ni 5B? Sisi tulikuwa na twanga twanga ya usiku, wote tukaapa ni wa juu yetu, kumbe jiko la nyumba ya pembeni, ghorofa moja CHINI. Zege halina adabu, sauti inapita kwenye slabu inapanda na nguzo inakutokea darini. Weka sikio kwenye nguzo, halafu kwenye ukuta, halafu kwenye bomba la bafuni, linganisha. Kwenye barua usiandike namba ya nyumba ya mtu, andika "inasikika kutokea juu ya chumba cha kulala". Hiyo ndo unayoijua, namba ya nyumba unahisi tu.

Wakili wa Mtaa
Wadau, upande wa sheria. Kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inataka jengo liwe na chama cha wenye sehemu na kanuni za ndani, kwa hiyo barua yako inaenda kwa chama na wana wajibu wa kukujibu.

Msimamizi Mstaafu
@Wakili umesema kweli nusu. Sheria ipo, lakini ni kwa majengo ambayo sehemu zimegawanywa zina hati zake na wamiliki tofauti. Mdau kasema kapanga. Kama jengo zima ni la mtu mmoja hakuna chama hapo, kuna mwenye nyumba na wakala wake, na silaha yake ni mkataba wa pango. Asome mkataba wake, mingi ina kipengele cha kutosumbua wapangaji wengine, na kama 5B naye ni mpangaji basi amesaini kitu kama hicho. Kama jengo lina wamiliki tofauti, barua ipite kwa mwenye nyumba wake, nakala kwa chama.

Wakili wa Mtaa
Sawa ila mpangaji naye ana haki ya kukaa kwa utulivu.

Msimamizi Mstaafu
Sijakataa. Nimesema barua iende mlango sahihi.

Mdau wa Upanga
Jengo ni la mmiliki mmoja, kuna meneja ofisi iko chini. Kuhusu kuburuta mnasemaje? Hilo halihitaji umeme.

Mama Sare
Anaweza kuwa mtu wa zamu. Nesi au mlinzi anarudi saa saba, anasogeza meza afungue mlango, anavua viatu, ndo hivyo vishindo. Saa saba na robo, saa saba na dakika kumi, zinafanana.

Bwana Ngazi
Au godoro la chini la watoto linaingizwa chini ya kitanda. Au wanahamisha ndoo, umeme umekatika pampu haifanyi kazi maji hakuna, wanaburuta pipa.

Sharubu
Bwana Ngazi leo kaongea kitu cha maana, tuandike tarehe.

Ghorofa Sita
Jumatano umeme ulikuwepo lakini na kuburuta kulikuwepo. Pipa limekataa.

Mdau wa Upanga
Nimeandika upya, nyundo zije:

"Kwa Meneja wa Jengo.

YAH: SAUTI ZA USIKU ZINAZOSIKIKA NYUMBA NAMBA 4B, OMBI LA UKAGUZI

Mimi ni mpangaji wa 4B. Naleta taarifa ya sauti mbili zinazosikika usiku kutokea juu ya chumba cha kulala. Sijui chanzo chake na sina uhakika zinatoka nyumba gani.

Ya kwanza ni mvumo wa takriban dakika moja unaojirudia kila baada ya dakika ishirini hivi, kuanzia kama saa 5:50 usiku. Ijumaa umeme ulipokatika haukusikika. Ya pili ni sauti ya kitu kuburutwa ikifuatiwa na vishindo, kati ya saa 7:10 na 7:25 usiku, nayo ilisikika hata umeme ukiwa umekatika. Nimeambatanisha daftari la tarehe na saa pamoja na rekodi moja ya sauti. Watoto wawili wanaolala chumba hicho huamka, na sasa tunalala sebuleni.

Naomba mambo matatu: fundi akague pampu, mabomba na mashine zilizo ghorofa ya tano na ya sita, mtu wa ofisi aje asikilize usiku mmoja, nitafungua mlango saa yoyote, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Niko tayari kukaa na majirani kama ofisi itaona inafaa."

Msimamizi Mstaafu
Hii ningeifanyia kazi siku hiyo hiyo. Marekebisho mawili. Saa, kamera za jengo na kitabu cha jenereta mara nyingi vinaandika 23:50, wewe umeandika 5:50 usiku, msije mkapishana. Kwenye daftari weka zote mbili, na usisahau ikivuka saa sita usiku tarehe imebadilika, Jumatano saa 7:15 usiku kwa kamera ni Alhamisi 01:15. Nimeona kesi imekufa kwa hilo tu, mlinzi kaangalia usiku usio wenyewe kasema hakuna mtu alipita.

Pili, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo. Wasap mtumie baadaye kama ukumbusho, isiwe ndo barua.

Mama Sare
Mimi kama ndo wa 5B hii barua isingeniuma. Ila hapo kwenye watoto kuamka pabaki, mtu ajue ina madhara.

Kijana wa Vipimo
Weka pia siku ambazo HAZIKUSIKIKA. Daftari lenye usiku wa kimya linaaminika zaidi, na fundi analinganisha siku hizo kulikuwa na nini tofauti.

Bwana Ngazi
Mimi bado naona angepanda tu akagonga hodi na chapati.

Ghorofa Sita
Apande mchana, bila barua mkononi, sawa. Ila aseme "nasikia mvumo juu, na nyie mnausikia?" Asiseme "mnanisumbua".

Mdau wa Upanga
Mrejesho wakuu. Barua ilipokelewa, muhuri ukagongwa. Fundi wa jengo alikuja, kakuta kweli 5B wana pampu ya presha bafuni imekaa juu ya vigae, mama mwenye nyumba mwenyewe hakujua inawaka usiku, akaomba radhi wala hakukasirika. Meneja akamwomba usiku awe anaichomoa kwenye soketi wakati wakisubiri kubadilisha mpira wa choo. Mvumo usiku wa kwanza haukuwepo. Usiku wa pili saa 7:40 nikausikia, mdogo zaidi, na mama anasema pampu ilikuwa imechomolewa. Kuburuta kuko pale pale, 5B wanasema hata wao wanakusikia, kwao kunatokea JUU.

Fundi Presha
Sita nako kuna pampu hapo. Wakague.

Baridi Baridi
Au friza 😏

Ghorofa Sita
Niliwaambia zege halina adabu.

Sharubu
Wakifika saba watakuta nani? Paani. Kwenye makaburi tulikosea, ni wa hewani hawa.

Msimamizi Mstaafu
Mdau andika barua ya pili fupi, irejee ya kwanza kwa tarehe yake, washukuru kwa fundi, eleza kilichopungua na kilichobaki, omba ghorofa ya sita ikaguliwe. Na mwombe mama wa 5B aandike daftari lake kwa saa hizo hizo. Saa zenu zikifanana, ofisi itabidi ipande juu.

Mdau wa Upanga
Amekubali, na kaniomba nimtumie mfano wa daftari. Nitaleta mrejesho.

Mzee wa Tabata
Na mimi naomba hiyo barua niibadilishe niipeleke kwa mwenye baa. Au nako mtasema nifungue uzi?

Kijana wa Vipimo
Baa peleka halmashauri na NEMC mzee, na hapo wao ndo waje na kipimo chao. Ila daftari ni lile lile, tarehe na saa.

Wa Kilimani
Jirani wangu ameleta jogoo kwenye balkoni. Fomati ni hii hii?

Bwana Ngazi
Jogoo hana soketi ya kuchomoa mkuu.